Tangazo la saluni ya kusuka, Sinza: maelekezo ya picha

Tengeneza picha moja ya wima, pikseli 1080 kwa 1920, ya kuweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Ni tangazo la saluni ndogo ya kusuka iliyopo Sinza, Dar es Salaam. Ionekane kama imepigwa kwa kamera na mtu aliyesimama mlangoni. Isiwe mchoro wala katuni. Ni saa moja na nusu usiku, nje giza limeshaingia, na mteja wa mwisho yuko karibu kumalizwa.

Mbele, kushoto, amekaa mwanamke wa miaka kama 30 kwenye stuli, ametugeuzia mgongo na kichwa amekigeuza kidogo upande wa kulia, tuone shavu moja na tabasamu dogo. Amesukwa rasta nyembamba nyeusi zinazofika katikati ya mgongo. Hapa ndipo picha itakapouza au isiuze, kwa hiyo pasiwe na haraka. Njia zimegawanywa kwa viboksi vya mraba vilivyolingana, ngozi ya kichwa inaonekana safi na ina mafuta kidogo. Kila rasta inaanza kwenye kiboksi chake, unene ni ule ule mpaka chini, na ncha zimechovywa maji ya moto, hazikutawanyika. Rasta zisiungane njiani wala zisipotelee hewani. Nywele za pembezoni mwa uso zimelazwa lakini hazikuvutwa: paji la uso lisiwe na vipele wala ngozi iliyokakamaa. Mteja akiona vipele anakumbuka usiku aliolala kifudifudi, na hapo umemkosa.

Nyuma yake, kulia, msusi wa makamo amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mbele yake, chini kwenye mkeka, amekaa binti wa miaka kama 20, ameegemea magoti ya msusi. Binti anasukwa twende kilioni: mistari minane iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni, saba imekwisha, wa nane umefika nusu. Mikono ya msusi ionekane wazi, kila mmoja una vidole vitano, mkono wa kulia ukiwa umeshika nywele na kitana cha mkia kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Yeye amesuka uzi, kwa sababu msusi mwenye kichwa cha ovyo hatangazi kitu.

Mwanga utoke kwenye balbu mbili za njano zilizo upande wa kushoto, joto la rangi kama 2700 K. Uje kwa ubavuni, uache kivuli chembamba kati ya mstari na mstari. Ukitokea mbele, misuko yote inakuwa bapa kama kofia. Ngozi za wote watatu ni nyeusi na kahawia iliyokolea, zibaki hivyo. Usizing'arishe, usizifute alama. Taa nyeupe ya tyubu isiwepo, inatutia ujivu. Mng'ao wa rasta uwe wa nywele zilizopakwa mafuta, usiwe wa plastiki.

Sasa sehemu ya bei. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi ya maziwa, hauna kioo, rafu wala kalenda. Kuanzia pikseli 250 kutoka juu hadi 850, ukuta huo ubaki mtupu upana wote, bila kichwa cha mtu wala kivuli kizito kuingia. Nitaandika mwenyewe kwa rangi ya kahawia iliyokolea, mistari mitano, na mrefu kuliko yote ni “Rasta hadi kiunoni 45,000/=”. Usiniandikie wewe, maana bei ya sikukuu si bei ya siku za kawaida, na picha hii nataka niitumie Idi mpaka Krismasi. Pikseli 250 za juu kabisa na 250 za chini zisiwe na kitu cha maana, zinafunikwa na simu.

Sakafu ni ya vigae vyeupe, ina vipande vichache vya rasta vilivyoanguka. Saluni isiyo na unywele hata mmoja chini haina wateja. Pembeni kuna beseni la maji ya moto linalotoa mvuke kidogo. Nguo ni vitenge na blauzi za rangi moja. Khanga usiweke, kwa sababu khanga ina jina lake na herufi zitatoka za ajabu.

Visiwepo: maandishi ya aina yoyote, nembo, pakiti zenye chapa, viti vya ngozi vya saluni za Ulaya, maua ya mezani, nywele zilizonyooshwa, mtu wa nne.