Kona ya Juu Kushoto: Kusoma Kitanzi cha Shinikizo na Ujazo

Maelezo ya kipindi cha tatu, fiziolojia ya moyo

Chukua karatasi na penseli kabla ya kuendelea kusoma. Kitanzi hiki hakikariliwi, kinachorwa. Mhimili wa chini uwe ujazo wa ventrikali ya kushoto kwa mililita, ule wa wima uwe shinikizo ndani ya ventrikali hiyohiyo kwa mmHg. Muda haumo kwenye mchoro. Umejificha ndani ya mzunguko wenyewe, unaokwenda kinyume na mwendo wa saa.

Anza kona ya chini kulia: diastoli imekwisha, ventrikali ina ml 120, shinikizo ni kama mmHg 8. Vali ya mitrali inafunga. Misuli inakaza huku vali zote mbili zimefungwa, kwa hiyo mstari unapanda wima hadi mmHg 75, na hapo vali ya aota inafunguka. Damu inatoka, mstari unaelekea kushoto ukiwa na mgongo unaofika karibu mmHg 110, kisha unatua kwenye kona ya juu kushoto: ml 50, mmHg 100. Vali ya aota inafunga, shinikizo linaporomoka wima, mitrali inafunguka na kujaa kunaanza upya. Upana wa kitanzi ni damu iliyopigwa kwa pigo moja, SV, ml 70. Eneo lililo ndani yake ni kazi ya pigo hilo.

Sasa weka mistari miwili inayokizunguka. Chini kuna mkunjo wa kujaa, ulio tambarare mwanzoni kisha unapinda juu ghafla ventrikali inapovutwa mno. Juu kuna mstari wa mwisho wa sistoli, na huu ndio roho ya somo. Otto Frank alifungua njia mwishoni mwa karne ya 19 kwa moyo wa chura. Katika miaka ya 1970, Hiroyuki Suga na Kiichi Sagawa, wakiwa Johns Hopkins na mioyo ya mbwa, walionyesha kwamba ukibadilisha kujaa au upinzani bila kugusa afya ya misuli, kona za juu kushoto za vitanzi vyote hujipanga karibu na mstari mmoja. Mwinuko wa mstari huo ni Ees, kipimo cha uwezo wa misuli kusinyaa. Unapokata mhimili wa ujazo ni V0.

Katika maabara ya katheta jambo hili linaonekana kwa macho. Puto dogo linajazwa ndani ya vena kava ya chini kwa sekunde chache. Damu inayorudi moyoni inapungua, na kwenye skrini vitanzi vinaanza kusinyaa pigo kwa pigo vikielekea kushoto na chini. Ukiunganisha kona zao za juu kushoto, umepata mstari. Lazima upimwe haraka, kabla reflekisi za baroresepta, vihisi vya shinikizo la damu, hazijaamka na kubadilisha misuli yenyewe.

Katika mfano wetu chukua V0 = 10. Basi Ees = 100/(50 − 10) = 2.5 mmHg/ml. Upinzani wa mishipa tuuweke kwa Ea, yaani shinikizo la mwisho wa sistoli likigawanywa kwa SV: 100/70, karibu 1.43. Ichore Ea kama mstari unaoanzia kwenye EDV, ujazo wa mwisho wa diastoli, chini kulia na kupanda kuelekea kushoto. Pale unapokutana na mstari wa Ees ndipo kona ilipo. Hesabu inasema hivyohivyo:

```
SV = Ees × (EDV − V0) / (Ees + Ea)
```

Mzigo wa awali, ambao wodini tunauita prilodi, ndio rahisi. Mpe mgonjwa aliyepungukiwa maji dripu ya haraka, EDV ipande hadi 140. Ukuta wa kulia wa kitanzi unasogea kulia ukifuata mkunjo wa kujaa. Michoro mingi huacha ukuta wa kushoto palepale, na SV inakuwa 90. Huo ni mchoro wa shinikizo lililoshikiliwa lisibadilike. Mishipa ya mtu haishikiliwi na yeyote: damu nyingi ikitoka kupitia upinzani uleule, shinikizo linapanda. Kwa Ea ileile SV ni 83, shinikizo la mwisho wa sistoli ni 118, na ESV, ujazo wa mwisho wa sistoli, inasogea kidogo hadi 57. Kona imeteleza juu ya mstari uleule. Misuli haijapata nguvu mpya, imevutwa zaidi tu.

Hapa chini ndipo nataka mkae muda mrefu.

Ongeza mzigo wa upinzani, aftalodi, kwa dawa inayobana ateri kama finailefrini. Ea ipande hadi 2.5, EDV ibaki 120. Vali ya aota inachelewa kufunguka kwa sababu shinikizo la aota liko juu, na inafunga mapema. Kitanzi kinakuwa kirefu na chembamba: SV 55, ESV 65, shinikizo la mwisho wa sistoli karibu 138. EF, yaani sehemu ya EDV inayotoka kwa pigo moja, imeshuka kutoka asilimia 58 hadi 46.

Rudisha Ea kwenye 1.43. Safari hii punguza uwezo wa kusinyaa kwa nusu: Ees 1.25. Mstari wa juu unalala. SV 51, ESV 69, EF asilimia 43.

Weka matokeo hayo mawili bega kwa bega. SV 55 na 51. EF 46 na 43. Mtu mwenye ripoti ya eko peke yake angesema ni ugonjwa mmoja. Lakini shinikizo la mwisho wa sistoli ni 138 kwa wa kwanza na 73 kwa wa pili. Wa kwanza ana misuli mizima inayosukuma ukuta mzito, na kona yake imepanda juu ya mstari wa zamani. Wa pili kona yake imeanguka pamoja na mstari wenyewe. Ninawasihi, msiite EF kipimo cha nguvu ya misuli. EF ni zao la misuli na mishipa kwa pamoja, na kumpa dawa mgonjwa bila kuvitenganisha ni kubahatisha maisha ya mtu.

Nguvu ikipanda, kwa mfano kwa dobutamini inayofikisha Ees 4, mstari unasimama wima zaidi na kona inaruka kwenda kushoto: ESV 39, SV 81, kutoka ujazo uleule wa kuanzia. Dobutamini halisi hulegeza pia mishipa kiasi, hivyo kwa mgonjwa Ea nayo itasogea.

Kwenye mwili haya matatu hayakai peke yake. Fikiria mama aliyejifungua mwezi uliopita, misuli ya moyo imedhoofika, Ees 1.25. Figo zinashika chumvi na maji, EDV inapanda hadi 160. Piga hesabu: SV inarudi 70, shinikizo linarudi 100. Mkono ukimshika mapigo, yanaonekana sawa. Gharama iko chini kulia mwa kitanzi, pale mkunjo wa kujaa unapopinda juu: shinikizo la diastoli limepanda, limerudi nyuma hadi mapafuni, na mama analala ameegemea mito mitatu.

Kwa Alhamisi: mchukue mama huyo mwenye EDV 160 na mtu mwenye moyo mzima wa mfano wetu wa kwanza. Wote wapewe dawa ya kulegeza ateri, Ea ishuke hadi 1.0, EDV zisibadilike. Chora vitanzi vinne, pima kila kona, na uje tayari kueleza mbele ya darasa kwa nini moyo dhaifu ndio ulionufaika zaidi.