Barua kwa Mchapishaji: Kusahihisha Jina la Mwandishi Kwenye Jalada na Katalogi

Makunduchi, Unguja
14 Aprili 2025

Meneja Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUSAHIHISHWA KWA JINA LANGU KWENYE KITABU "MKOBA WA BIBI: NGANO ZA MAKUNDUCHI"

Assalam aleikum. Nakala kumi za mwandishi zilinifikia Jumamosi ya tarehe 5 Aprili. Karatasi ni nzuri, herufi zinasomeka, na michoro imenifurahisha sana. Lakini jina lililoandikwa juu ya jalada si langu.

Mimi ni Mwanakombo Haji Makame. Jalada la mbele na mgongo wa kitabu vimeandikwa "Kombo Haji Makame". Katalogi yenu ya mwaka huu imeandika "Makame, Kombo H.", na ukurasa wa kitabu kwenye tovuti yenu unasema hivyo hivyo. Ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa jina na ule wa hakimiliki, nimeandikwa sawasawa, kama nilivyosaini mkataba na kama nilivyosoma kwenye prufu. Prufu ya jalada niliyoletewa Januari ilikuwa na mchoro na anwani ya kitabu tu. Jina lilikuwa halijawekwa. Kwa hiyo sikupata nafasi ya kuliona kosa hili kabla ya kwenda kiwandani.

Huenda msanifu wa jalada aliona "Mwana" akadhani ni neno la heshima linaloweza kuachwa, kama vile Bibi au Ndugu. Ni kweli kwamba pwani yetu "Mwana" lilikuwa neno la heshima kwa wanawake, lakini hata hivyo halikatwi: mshairi wa Pate, Mwana Kupona, hakuna anayemwita Kupona. Kwangu mimi ni neno moja, Mwanakombo, na ni jina la kike. Kombo ni jina la kiume. Tena ndilo jina la kaka yangu, mtoto wa baba yangu Haji Makame. Tangu kitabu kifike madukani, watu wanampa yeye mkono wa pongezi. Amechoka kueleza.

Naomba mlione uzito wake. Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika "ameandika". Msomaji wa Kiswahili hujua mwandishi ni mwanamke kwa jina lake tu, na likikatwa jina, mwanamke ameondoka. Maelezo ya Kiingereza kwenye katalogi yamekwenda mbali zaidi, yamenitaja kwa kiwakilishi cha mwanamume mara tatu. Ngano hizi zilisimuliwa na wanawake, jioni, jikoni. Nilizipokea kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye ni somo yangu: yeye alikuwa Mwanakombo, nami nikapewa jina lake. Jina likikatwa, na yeye amekatwa.

Ninachoomba kwanza ni tovuti, kwa sababu haihitaji mashine wala karatasi: irekebishwe ndani ya siku saba, pamoja na maelezo ya Kiingereza, na taarifa sahihi zipelekwe kwa maduka yote yaliyopokea orodha yenu. Fomu ikilazimisha jina la ukoo litangulie, iandikwe "Makame, Mwanakombo Haji". Lisitenganishwe kuwa "Mwana Kombo", wala lisifupishwe kuwa "M. H." Katalogi iliyokwisha kuchapwa iwekewe karatasi ya masahihisho.

Kuhusu nakala zilizopo, najua gharama ya kuchapa upya majalada. Nitaridhika na stika iliyotengenezwa vizuri, mbele na mgongoni, kwa zile zilizoko ghalani na zitakazorudi kutoka madukani, mradi zisiuzwe kabla ya kubandikwa. Chapa ijayo iwe na jalada jipya, na prufu yake niione ikiwa na jina. ISBN ibaki ile ile, kwani yaliyomo hayakubadilika. Nakala zilizopelekwa maktaba ya taifa nazo zifuatiliwe, ili kadi ya kitabu isibaki na jina la kaka yangu kwa miaka yote ijayo.

Haki ya mwandishi kutambuliwa kwa jina lake imo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Naitaja mara hii moja tu. Sijaandika kwa nia ya kushitakiana. Tumefanya kazi pamoja miaka miwili, na mhariri wenu alinisaidia kwa subira kubwa, hata kwenye maneno ya Kikae ambayo hakuyajua.

Julai ni Mwaka Kogwa, na nimeombwa kuwasomea watoto hapa kijijini. Naomba nakala hamsini zenye jina sahihi zinifikie kabla ya mwisho wa Juni. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho changu, ukurasa wa kwanza wa mkataba, na picha za jalada na tovuti. Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu katika kazi,

Mwanakombo Haji Makame