Methali tisa na kazi zilizozizaa

1/9
Kwa Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai.

Tunazikariri tangu darasani, lakini nyingi zilizaliwa kazini: chombo kikiundwa ufukweni, nafaka ikipimwa, ukuta ukikandikwa. Ukikijua kifaa kinachotajwa, hutaitumia methali kombo.

Telezesha 👉🏾

2/9
UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

*Maana ya leo:* Kinachoonekana chepesi mbele ya watu kimebebwa na kazi ambayo hawakuiona.

*Tafakari:* Hiyo "vya" ni ya vyombo: majahazi, mashua, ngalawa. Mkuku ndio uti wa chombo, mataruma ndiyo mbavu, mbao ndiyo ngozi. Lakini kazi inayookoa maisha ni kalafati: nyuzi za pamba zilizotiwa mafuta hushindiliwa kwa patasi butu na nyundo katika kila upenyo ulio baina ya mbao. Upenyo mmoja ukirukwa, nchi kavu hakuna atakayeujua. Hujulikana majini, shehena ikishapakiwa.

Unapomsikia mtangazaji anasoma taarifa bila kukwama, ujue ameshaisoma kwa sauti kabla ya taa kuwaka, na majina magumu ameyawekea alama. Hiyo ndiyo kalafati yake. Na wewe unayejifunza, usilinganishe mataruma yako na jahazi la mwenzako lililokwisha kushushwa majini. Linganisha mataruma kwa mataruma.

3/9
HABA NA HABA HUJAZA KIBABA

*Maana ya leo:* Kidogo hufika mbali kikiwa na kipimo na kikirudiwa.

*Tafakari:* Kibaba ni kipimo cha nafaka. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Wahenga hawakusema "hujaza ghala". Walichagua chombo kidogo chenye ukingo, ili anayejaza aone mwisho wake.

"Nitaweka akiba" haina ukingo. "Shilingi 2,000 kila siku ya kazi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12" inao: ni 120,000, na unajua ni za nini. Wengi huangukia hapa: wakiruka siku moja, kesho yake wanataka kuweka maradufu; wakiruka mbili, wanatakiwa mara tatu, na siku ya nne wanaacha kabisa. Siku iliyopotea iache ipotee. Rudi kwenye 2,000 yako, kisha ongeza siku moja mwishoni.

4/9
BANDU BANDU HUISHA GOGO

*Maana ya leo:* Kidogo kidogo pia hubomoa.

*Tafakari:* Hii ni pacha ya methali iliyopita, na inasikitisha kwamba wengi huijua ile tu. Bandu ni kipande kinachoruka shoka linapopiga gogo. Hakuna bandu moja inayotisha.

Makato ya kutuma pesa kwa simu hupangwa kwa madaraja, kwa hiyo kutuma kidogo mara nane mara nyingi hugharimu zaidi ya kutuma mara moja. Vivyo hivyo kifurushi cha siku kinachonunuliwa kila asubuhi. Kwa siku 14 andika yale matumizi madogo tu, ambayo huwa huyaandiki. Usijizuie chochote katika siku hizo. Ukijizuia utakuwa unapima mtu mwingine, siyo wewe.

5/9
USIPOZIBA UFA, UTAJENGA UKUTA

*Maana ya leo:* Kosa linarekebishwa kwa bei nafuu zaidi leo kuliko siku nyingine yoyote.

*Tafakari:* Nyumba ya udongo na fito haianguki kwa sababu ya ufa wenyewe. Mvua hupenya, udongo humomonyoka, fito hubaki wazi, mchwa huzipata. Ufa ni mlango tu.

Deni la shilingi 100,000 lenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, likiachwa bila malipo hufika takriban 177,000 kwa miezi 6, na takriban 314,000 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza ufa ulikuwa 10,000.

Kuna jambo ambalo mkandikaji analijua na methali haikulitaja: ufa haupakwi udongo juu kwa juu. Hukwanguliwa kwanza mpaka sehemu ngumu, hulowanishwa, ndipo hujazwa. Ukipaka juu ya vumbi kavu, kiraka kikikauka hunywea na kubanduka. "Samahani basi, yaishe" ni kiraka cha namna hiyo. Taja kwanza ulichokosea, msikilize uliyemkosea mpaka amalize, kisha omba radhi.

6/9
HARAKA HARAKA HAINA BARAKA
NGOJA NGOJA HUUMIZA MATUMBO

*Maana ya leo:* Zote mbili ni kweli. Kazi yako ni kujua ipi ni ya saa hii.

*Tafakari:* Watu husema methali zetu zinapingana. Hazipingani, kila moja ina mahali pake, kama tanga na nanga. Jiulize maswali mawili. Nikikosea, naweza kurudisha? Nikichelewa, naweza kurudisha?

Ujumbe unaotisha uliotumwa kwenye kundi: ukiusambaza huwezi kuurudisha, ukichelewa saa moja hakuna kilichoharibika. Ngoja, uhakikishe. Mtu ambaye uso umelemaa upande mmoja ghafla, mkono umelegea, maneno hayaeleweki: huenda ni kiharusi, na kila dakika ubongo unaumia. Hapo usingoje ajisikie nafuu wala usimtafutie mafuta ya kuchua. Mpeleke hospitali sasa, na ukumbuke saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza.

7/9
MWENDA TEZI NA OMO, MAREJEO NI NGAMANI

*Maana ya leo:* Zunguka utakavyo, msingi wako utakudai.

*Tafakari:* Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Ngama ni chini kabisa, maji yanayovuja yanapojikusanya. Baharia anaweza kushinda omo akitazama upeo wa bahari, lakini maji ya ngama lazima yakombwe, hata siku ya upepo mwanana.

Wengi huisoma kama methali ya kurudi nyumbani, na ni sawa. Isome pia kwa yule anayehama kazi hadi kazi akikimbia udhaifu uleule: kutojibu barua kwa wakati, kutoweka hesabu. Ngama huenda na chombo popote kinapokwenda.

8/9
KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

*Maana ya leo:* Kuna kazi ambazo nguvu haitoshi. Zinahitaji upande wa pili.

*Tafakari:* Chawa hubanwa kati ya kucha mbili. Kidole kimoja, hata kiwe na nguvu kiasi gani, humsukuma tu. Kwa hiyo ukiomba msaada, omba kidole cha kukabiliana na chako: anayehakiki hesabu ulizoandika, siyo mwingine wa kuandika pamoja nawe.

9/9
ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU

*Maana ya leo:* Onyo la aliyepita njia hiyo lina thamani.

*Tafakari:* "Guu" ni mguu uliokuzwa, na vina vya "mkuu" na "guu" ndivyo vimeifanya ikae kichwani. Hii ndiyo methali inayotumiwa vibaya kuliko zote hapa. Hutolewa kumnyamazisha kijana aliyeuliza "kwa nini?", wakati ilikusudiwa kumkinga asiumie.

Kijana, sikiliza kwanza, kisha uliza kwa adabu: "Shikamoo mzee. Nimekusikia, hatari yenyewe iko wapi?" Nawe mkubwa, mtajie. Badala ya "utaona mwenyewe", sema: "Usipande ngazi hiyo, mwanangu. Kipago cha tatu kimeoza."