Mawazo ya utafiti kuhusu mitandao ya kijamii na kujisomea: barua kwa Mwalimu Neema

Mwalimu Neema,

Nimesoma andiko lako la awali mara mbili. Shule umeichagua vizuri, na kufundisha hapo hapo kunakupa mlango ambao mtafiti mgeni angeusubiri kwa miezi. Kichwa cha utafiti ndicho ninachokuomba ukiache: “Athari za mitandao ya kijamii kwa ufaulu wa wanafunzi.” Neno “athari” linakudai ushahidi ambao dodoso moja, lililojazwa siku moja, haliwezi kuutoa. Ukikuta kwamba wanaokaa sana TikTok wana alama ndogo, bado hujui kipi kilitangulia. Mtoto aliyekata tamaa na hisabati anaweza kuikimbilia simu kwa sababu daftari limeshamshinda. Ufaulu nao unabeba mengi: upungufu wa walimu, umbali wa kutembea kila asubuhi, ada ya masomo ya ziada, umeme nyumbani. Utavitenganishaje vyote hivyo katika shule moja?

Ndiyo maana nakushauri ushuke ngazi moja, kutoka kwenye ufaulu hadi kwenye tabia ya kujisomea. Tabia inaonekana, inaulizika, na wewe kama mwalimu unaweza kuifanyia kazi muhula unaofuata.

Wazo ninalolipenda kuliko yote limo katika sentensi uliyoiandika pembeni, kwamba wanafunzi wengi hawana simu zao bali hutumia za wazazi. Tafiti nyingi tunazozisoma zilifanywa kwa vijana wenye simu binafsi mfukoni mchana kutwa. Hapo Morogoro, katika shule ya kutwa inayokataza simu darasani, mambo ni tofauti kabisa. Simu ni ya mama, na mama anarudi sokoni saa moja jioni. Muda wa mtoto kuipata ndio huo huo wa kufanya kazi za nyumbani, tena pengine kuna wadogo zake wanaoisubiri. Swali linajitokeza lenyewe: je, saa ambazo simu inapatikana nyumbani zinahusianaje na saa ambazo mwanafunzi hujisomea? Linganisha makundi matatu: wenye simu zao, wanaotumia ya mtu mwingine wa nyumbani, na wasioipata kabisa. Usidhani kundi la tatu ndilo linalosoma zaidi. Huenda ndilo lenye kazi nyingi za nyumbani, au lisilo na taa.

Wazo la pili ni makundi ya WhatsApp ya masomo. Kidato cha Tatu wanayo, na walimu wengine wamo humo. Usiishie kuuliza kama yanasaidia, kwa sababu karibu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza mara ya mwisho mwanafunzi alipopata jibu la zoezi kwenye kundi alifanya nini: alilinakili, alilisoma kisha akajaribu mwenyewe, au aliuliza limepatikanaje? Hapo utaona tofauti kati ya kusaidiana na kunakiliana. Vivyo hivyo kwa video za masomo za YouTube: kuitazama ni jambo moja, kushika kalamu baada ya kuitazama ni jingine.

La tatu ni usingizi. Bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana, na vijana wanalijua hilo kuliko sisi. Uliza saa ya kulala usiku wa kuamkia siku ya shule, na kama wanafunzi wanasinzia vipindi vya kwanza. Ni wazo zuri, ila lisimame peke yake au liwe sehemu ndogo ya lile la kwanza. Ukiyabeba yote matatu kwa uzito sawa, dodoso litafika kurasa nane na watoto watajaza bila kusoma.

Sasa sampuli. Hapa ndipo nilipokwama zaidi kwenye andiko lako. Umeandika kwamba utachukua “wanafunzi 100 kwa urahisi wa kuwafikia” na matokeo yatawahusu wanafunzi wa sekondari Tanzania. Hayatawahusu. Shule moja inakupa haki ya kusema kuhusu shule hiyo, na ukieleza mazingira yake vizuri, msomaji wa shule inayofanana nayo ataamua mwenyewe kinachomfaa. Liandike hilo waziwazi katika sura ya tatu na usiliombee radhi. Utafiti wa shule moja uliofanywa kwa makini una manufaa halisi kwa mkuu wa shule na kwa wazazi.

Kwa orodha uliyonitumia, shule ina wanafunzi 640. Ningewaacha Kidato cha Nne, maana wako kwenye maandalizi ya mtihani wa taifa wa kuhitimu na kujisomea kwao si kwa kawaida. Ningewaacha pia Kidato cha Kwanza, ambao bado wanahangaika na kusoma kwa Kiingereza. Wanabaki Kidato cha Pili 180 na cha Tatu 140, jumla 320. Hawa ndio kundi lako lengwa, na matokeo yatasema juu yao tu. Kanuni ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli (n) kutoka kundi lengwa (N), kwa kosa (e) la asilimia 5, inatoa hivi:

```
n = N / (1 + N × e²)
n = 320 / (1 + 320 × 0.05²) = 177.8
```

Yaani wanafunzi 178. Wapo watakaokosekana siku hiyo, wazazi watakaokataa, na dodoso zitakazorudi zimejazwa nusu, kwa hiyo lenga 200. Gawa kwa uwiano wa kidato na jinsia: Kidato cha Pili wasichana 100 na wavulana 80, chukua 63 na 50, Kidato cha Tatu wasichana 76 na wavulana 64, chukua 47 na 40. Wote 200 wakijibu, kosa la makadirio kwa kundi zima litakuwa kama asilimia 4.3. Lakini ukiwatazama wasichana wa Kidato cha Tatu peke yao, linapanda hadi asilimia 9 hivi. Kwa hiyo usije ukavigawa vikundi hivyo tena kwa mtaa, kwa dini na kwa kazi ya mzazi, halafu ukajenga hoja juu ya watoto sita.

Namna ya kuwapata ina uzito kuliko idadi. Usimwombe mwalimu wa darasa akuchagulie, atakuletea watulivu. Usichukue mkondo mzima kwa sababu una kipindi nao, kwani wanafunzi wa mkondo mmoja wana walimu wale wale, na Kidato cha Tatu mikondo yenu imegawanywa kwa sayansi na sanaa. Chukua rejista za mahudhurio, ziweke kwenye Excel kwa matabaka manne, mpe kila mwanafunzi namba ya bahati kwa `=RAND()`, zigandishe namba hizo zisibadilike, panga kuanzia ndogo, kisha chukua wa juu hadi idadi itimie. Wanaofuata wawe akiba, kwa mpangilio huo huo. Aliyekosekana siku ya dodoso mtafute siku nyingine, angalau mara moja, kabla ya kumwita wa akiba. Watoro ndio hasa unaotaka kujua wanashinda wapi, na ukiwaruka utabaki na picha ya wanaohudhuria tu.

Sasa kuhusu maswali yenyewe. Kuuliza “Unatumia mitandao saa ngapi kwa siku?” hakutakusaidia sana. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha muda ambao watu husema wanatumia na muda uliorekodiwa na vifaa vyao, na uhusiano ukawa wa wastani tu, kama 0.38. Hao walikuwa wengi wao na vifaa vyao wenyewe. Kwa simu ya kuazima kukadiria ni kugumu zaidi. Uliza juu ya jana: Jana ulishika simu? Ilikuwa ya nani? Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Ulifungua nini kwanza? Jana ulifanya zoezi la nyumbani? Ulianza saa ngapi, wapi, simu ilikuwa karibu? Saa ziandikwe kwa Kiswahili, saa moja jioni na si saa kumi na tisa, usije ukajikuta na watoto wanaosoma alfajiri kwa makosa ya kuandika. Na dodoso lijazwe Jumanne hadi Ijumaa, ili “jana” isiangukie Jumamosi au Jumapili.

Kisha wachague 24 kati ya watakaojitolea katika hao 200, wanane kutoka kila kundi la upatikanaji wa simu, waandike shajara ya siku saba, mistari mitatu kila usiku. Hapa unaweza kuchagua kwa makusudi, kwa kuwa unatafuta undani na si asilimia. Ongeza majadiliano ya vikundi, wasichana peke yao na wavulana peke yao, watu sita hadi wanane kila kikundi. Utasikia mambo ambayo visanduku vya dodoso havina nafasi nayo: ugomvi wa chaji, simu kunyang’anywa, kaka mkubwa anayeshika kila kitu.

Jambo linalonitia wasiwasi kweli ni nafasi yako. Wewe ni mwalimu wao, na shule inaadhibu kwa simu. Mtoto akikuona na dodoso mkononi, atajibu kama anahojiwa ofisini. Tafuta mwenzako wa chuo asiyefundisha hapo asimamie ujazaji. Majina yasiandikwe, karatasi ziingie kwenye sanduku lililofungwa, na mkuu wa shule akubali kwa maandishi kwamba hakuna jibu litakalotumika kumwadhibu mtu. Asipokubali, ondoa maswali yote ya simu shuleni ubaki na ya nyumbani. Alama za mitihani usizichukue. Kuziunganisha na dodoso kunahitaji kumtambua kila mtoto, na swali lako jipya halizihitaji.

Karibu wote wana chini ya miaka 18, kwa hiyo ridhaa ya mzazi ni lazima, pamoja na ya mtoto mwenyewe. Barua iwe ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na kwa mzazi asiyesoma isomwe mbele yake. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Eleza karatasi zitakaa wapi na zitachomwa lini. Kibali kinaanzia chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi, ndipo kwa mkuu wa shule. Kianze wiki hii, maana barua huchelewa mezani.

Jaribu dodoso kwanza kwa wanafunzi 20 wa shule jirani. Kaa nao baadaye uwaulize kila swali walilielewaje.

Kichwa ninachopendekeza: “Upatikanaji wa simu nyumbani na muda wa kujisomea miongoni mwa wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu katika shule moja ya kutwa, Manispaa ya Morogoro.” Ni kirefu, ila hakidai zaidi ya utakachokifanya. Niletee maswali matatu ya utafiti na rasimu ya dodoso isiyozidi kurasa mbili ifikapo Ijumaa ya wiki ijayo. Sura ya pili iache kwanza, tutaipunguza pamoja swali likishatulia.

Msimamizi wako