Faili la Alhamisi

"Hatukwambii ulichome faili, mwanangu," alisema Mzee Athumani, akisogeza sahani ya mahamri. "Lisionekane Alhamisi tu."

Bahasha ilikuwa chini ya gazeti. Elfu sitini, noti za elfu elfu. Konstebo Kazungu hakuigusa.

Mzee alikuwa rafiki wa marehemu babake, na mpango aliujua vizuri kuliko wakili. Faili lisipofika kortini, mwendesha mashtaka ataomba tarehe nyingine. Mlalamishi, mlinzi wa shamba la Mayungu aliyekatwa panga mkononi, atatoka Marafa kwa matatu na kurudi bure. Safari ya tatu hatakuja. Hakimu naye atachoka kuahirisha, kesi itatupwa. Hakuna aliyeiba chochote.

"Faili lenyewe lile la mia mbili na kumi na nne," mzee akaongeza, "lililo kwenye droo yako."

Hapo Kazungu akaacha kutafuna. Nambari hiyo haikuwa barabarani. Ilikuwa kwenye daftari la masijala, nalo hufunguliwa na watu watatu, mmoja wao Sajini wake.

"Samahani mzee, nachelewa zamu," alisema, akainuka. Chai alilipa mwenyewe.

Njiani alipiga hesabu. Mamake alidaiwa kodi ya miezi miwili, na bahasha ile ingeimaliza ikabaki. Lakini saini ya mwisho kwenye daftari ilikuwa yake. Faili likipotea, shingo ni yake. Sajini hakutia saini popote. Halafu ile fomu ya P3: daktari alikuwa ameandika dhara kubwa, kano mbili zimekatika. Mkono ule haushiki jembe tena.

Kumripotia nani, basi? Sheria ya Hongo ya 2016 inampa mtumishi wa umma saa 24 kuiarifu tume ya kupambana na ufisadi, na tume si Sajini.

Alipofika kituoni alihesabu karatasi: P3, taarifa tatu za mashahidi, picha nne, hati ya kielelezo cha panga. Akazipeleka mahakamani Malindi siku hiyo hiyo, Jumanne, akamwomba karani wa waendesha mashtaka atie saini, tarehe na saa. Nje ya lango akaipigia simu tume. Akarudi, akafungua kitabu cha OB na kuandika: saa nane na dakika kumi, nimeahidiwa shilingi 60,000 ili faili lisifike mahakamani, nimekataa. Hakuandika aliyempa Mzee nambari. Hilo hakuwa na ushahidi nalo, na OB si mahali pa kukisia.

Jioni Sajini alikipitia kitabu, akasimama kwenye mstari ule muda mrefu. Kurasa zina nambari. Ukichana moja, pengo linaonekana.

"Nani alikwambia ulipeleke leo?"

"Hakuna, afande. Kesi ni Alhamisi."

"Kuanzia kesho uko zamu ya usiku, rodibloki."

"Sawa, afande. Na Alhamisi asubuhi nitakuwa kortini. Nimeshaitwa kama mpelelezi."