Shangazi, leo twende Lamu

Shikamoo shangazi, najua magoti hayakuruhusu hata kufika getini, bas leo kaa tu hapo kwenye mkeka nikupeleke. Tumeshuka kwa basi Mokowe, tukaingia boti, injini inapiga kelele huku maji yanakurukia usoni ya chumvi kabisa, mara mji unatokea, nyumba nyeupe zimejipanga ufukweni na jahazi mbele yake.

Sasa sikia, humo ndani vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, kuta zenyewe za mawe ya matumbawe, baridiii hata mchana, na ukisikia mtu nyuma anaita "hodi hodi!" jibanze ukutani maana ni punda kabeba simenti na hasimami huyo! Harufu? Mavi ya punda, sisemi uongo, halafu ghafla udi, halafu mahamri yanakaangwa. Nimeyala na mbaazi za nazi, nikakukumbuka.

Wazee wamekaa barazani chini ya milango ya nakshi, mmoja kaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia nimetumwa na shangazi yangu. Akasema msalimie.