Rehema, kuhusu mwaliko wako

Shoga yangu Rehema,

Hongera sana, mpenzi. Kadi imenifikia, nimeisoma na kuirudia, na nimewafurahia ninyi wawili kwa moyo wote. Nakuandikia wewe peke yako wala si kwenye kundi, kwa kuwa jambo lenyewe ni letu.

Sitaweza kuja harusini. Sababu ni pesa tu, hakuna lingine nililokuficha. Nimepiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili, nguo, na siku tatu za kazi ambazo nisipokuwepo silipwi. Nimejaribu kubana: nisafiri usiku, nilale siku moja tu, nivae nguo niliyo nayo. Bado ni lazima nikope, na deni hilo lingekutana na ada ya watoto.

Najua ulivyo, utataka kunilipia. Tafadhali usifanye hivyo. Wiki za mwisho ndipo gharama ndogondogo zinapojitokeza, na hizo pesa mtazihitaji.

Nakwambia leo, kabla ya tarehe 15 mnapompa mpishi idadi, ili nafasi yangu isilipiwe bure. Nitoe kwenye hesabu ya chakula, kwenye mpango wa meza, na kwenye chumba mlichonishikia. Hicho chumba ndicho watu husahau kukifuta, kisha kinatozwa hata kama hakuna aliyelala. Kiti changu mpe yule binamu yako uliyesema amekosa nafasi, na wala asijue kilikuwa cha nani.

Sasa, kazi yangu. Nitumie orodha ya wageni nikupangie majina kwa meza, waliothibitisha upande mmoja na wasiojibu upande mwingine, na hao wasiojibu nitawapigia mimi. Halafu, kwenye ujumbe wa maelekezo weka namba yangu badala ya yako. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka sherehe ianze, aliyepotea njia, anayeuliza saa, anayetafuta pa kuegesha gari, wote waje kwangu. Nahitaji ramani, ratiba, na namba ya mtu mmoja aliyepo ukumbini, nivipate ifikapo Alhamisi. Wewe simu yako izime, bibi harusi hapaswi kuelekeza magari.

Usijisumbue kunipigia video katikati ya sherehe. Watu wakiwa wengi mahali pamoja mtandao hukwama, nawe utabaki unaangalia simu badala ya kumwangalia mumeo. Nitumie picha moja tu ukishavaa, kabla hujatoka ndani.

Zawadi nitaileta mwenyewe nitakapokuja kuwatembelea. Tarehe sitaji sasa, sitaki kukuahidi kisha nikuangushe tena.

Nipigie usiku ukishatulia. Kama imekuuma, niambie waziwazi, nitakusikiliza mpaka umalize.

Nakupenda sana,
Mwanaidi